Mama Kikombe na Chumvi ya Marehemu

Mke wangu aliponiacha, nilirithi chumvi.

Wengine hurithi mashamba. Mimi nilifungua kabati la jikoni nikakuta makopo manne ya chumvi, yamejaa mpaka juu, na nyuma yake mfuko mwingine, nao chumvi. Nyumba yetu haina ng'ombe wa kulamba. Nikasema basi, uzee ulimwingia marehemu kichwani, nami nimelala naye kitanda kimoja bila kujua. Nikafunga kabati.

Habari ya chumvi itakuja. Ninayetaka kumsimulia ni jirani yangu, Mama Kikombe. Yeye yu hai, anaweza kukasirika. Marehemu hawakasiriki, ndiyo maana kila mtu anawasifu.

Mama Kikombe ni fundi cherehani. Mashine yake iko barazani, na anashona akitazama njia, maana macho yake hayaihitaji nguo. Mumewe alikwenda kutafuta kazi miaka mingi iliyopita. Bado anaitafuta. Watoto amezaa wanne. Mgeni akimuuliza anasema watatu. Sisi majirani hatumuulizi.

Jina hilo si la kuzaliwa. Mtaa ulipoitishwa mkutano kuchagua watu wa kuwagawia watoto dawa ya kuzuia malaria wakati wa mvua, ilitakiwa mtu mwaminifu, mvumilivu na mwenye kauli nzuri. Tukamchagua yeye, kwa kuwa alikuwa anapiga kelele kuliko wote na tulitaka kurudi nyumbani. Tangu hapo, akifika mlangoni kwa mtu hasemi hodi. Anasema, "Kikombe!" Maana kila nyumba itoe kikombe chake safi cha kukorogea dawa. Watoto wanaolia wakimsikia wamelifanya jina.

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mwenzake alikuwa mke wangu. Walitembea pamoja mvua nne, mmoja akipiga kelele, mwingine akiomba radhi nyuma yake. Mwaka huu mvua ilipokaribia, Mama Kikombe alikuja kwangu akasimama mlangoni.

"Shemeji, utabeba ndoo."

"Ndoo gani?"

"Ya maji ya kunywa. Siwezi kubeba ndoo, dawa, sukari na mabegani nibebe mtaa mzima."

"Mimi sijasoma."

"Ndoo haisomwi."

Nikabeba ndoo. Mtu aliyekaa ndani tangu mazishi hana hoja ya kumshinda fundi cherehani.

*

Mwaka huu lilitokea jambo la ajabu. Dawa zilifika zahanati kabla ya mvua. Wakubwa hawakulizoea, basi ikabidi itafutwe njia ya kuzichelewesha. Ikapatikana: mgeni rasmi. Dawa haziwezi kutoka stoo bila mgeni rasmi kuzizindua, na mgeni rasmi alikuwa na shughuli.

Mvua haikuwa na shughuli. Ikaja.

Ikanyesha wiki ya kwanza, ikanyesha ya pili. Kule bondeni kuna mashimo ya matofali, mengine nimeyachimba mwenyewe enzi za nguvu zangu. Yakajaa maji. Mbu hawakungoja uzinduzi. Walianza kazi siku ileile, bila hotuba.

Mama Kikombe akavaa kilemba chake cha ugomvi, akanichukua mimi na ndoo yangu tupu, tukaenda zahanati. Mganga wa pale tunamwita Daktari. Mwenyewe husema yeye si daktari, lakini hatumsikilizi.

"Dawa ziko wapi?" akauliza Mama Kikombe.

"Stoo."

"Zinangoja nini?"

"Mgeni rasmi, mama."

"Ana umri gani huyo mgeni?"

"Yapata hamsini."

"Basi si zake. Hizi ni za watoto wa miezi mitatu mpaka wasiotimiza miaka mitano. Fungua stoo."

Daktari akavua miwani, akajipangusa uso. Ni mtu mzuri, amechoka tu.

"Mama, unadhani mimi silioni? Nimepiga simu juzi, nimepiga jana. Watoto wa miaka hiyo miili yao haijajifunza kupigana na malaria. Mtu mzima ameumwa mara nyingi, mwili umeshamjua adui. Mtoto hamjui. Na karibu malaria yote ya mwaka huku kwetu inaangukia miezi hii ya mvua. Kila wiki tunayokaa hapa, watoto wako uwanjani bila mlinzi."

"Sasa?"

"Sasa nipige tena."

"Piga. Weka sauti nje."

Akapiga. Upande wa pili akapokea mtu wa ofisini, akaanza kueleza ratiba. Mama Kikombe akainama kwenye simu kama anayekata uzi kwa meno.

"Mwanangu, hujambo? Mwambie bosi wako kwamba mbu wameshazindua. Yeye aje kufunga tu."

Mgeni rasmi alikuja keshokutwa yake. Alisema malaria itakuwa historia. Turubai likavuja, hotuba ikafupishwa. Mvua nayo ina faida zake.

*

Nilijifunza kazi kwa kubeba ndoo. Mlangoni, "Kikombe!" Mama wa nyumba analeta kikombe na mtoto, na mtoto anapiga mayowe. Mama Kikombe anamshika paji la uso kwanza. Hana joto? Ananawa mikono, anakoroga dawa mbili katika maji kidogo na sukari. Wachanga wasiofika mwaka wana kipimo chao, wakubwa wana chao. Mtoto anameza mbele yetu. Halafu tunakaa.

Tunakaa kiasi cha nusu saa, kwa sababu mtoto akiitapika upesi anapewa nyingine. Ndiyo sehemu ya kazi aliyoipenda Mama Kikombe. Nusu saa ya kukagua nyumba ya mtu kwa ruhusa ya serikali.

"Hicho chandarua mbona kinafuga kuku?"

"Shangazi, kuku walikuwa wadogo."

"Na mtoto ni mkubwa? Kitundike."

Kuhusu dawa zenyewe nilimuuliza, maana nilichoka kubeba nisichokijua. Akaniambia kwa lugha yake. Dawa hii haimzuii mbu. Mbu atauma tu, ndiyo riziki yake. Lakini akimtia mtoto vijidudu, vinakuta dawa iko damuni inavisubiri, vinakufa kabla havijazaana na kuleta homa. Dawa moja inamezwa siku ya kwanza tu, inakaa mwilini muda mrefu. Ya pili inamezwa siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza sisi tunatoa zote mbili, na vidonge vya kesho na keshokutwa anaachiwa mama. Zikikamilika, mtoto ana mlinzi wa takriban mwezi. Kisha mlinzi anachoka, tunapita tena, mpaka mvua iishe.

"Kwa nini isiwe mwaka mzima?" nikauliza.

"Wewe mlinzi wa shamba unamweka lini, shemeji? Mahindi yakiwa shambani au yakiwa tumboni?"

Nyumba ya mwisho siku ile ya kwanza ilikuwa yangu. Mwanangu anafanya kazi mbali. Mkewe anaishi nami pamoja na mjukuu wangu wa miaka miwili. Tunamwita Kijogoo kwa sababu anaamka kabla ya kila mtu na anataka wote wajue. Kijogoo alimtemea Mama Kikombe dawa ya kwanza kifuani. Akakorogewa nyingine, akaimeza huku akimtazama kama hakimu. Mkwe wangu akapokea vidonge vya siku mbili zilizobaki, akaviweka vizuri, akashukuru.

Kesho yake jua likawaka.

Si jua la mzaha. Mvua ilikatika kama mtu aliyeitwa nyumbani. Siku zikapita kavu. Wakulima wakatazama juu, wakarudisha mbegu kwenye makopo. Hapa kwetu hata mpumbavu anajua: mvua ya kwanza haipewi mbegu zote. Ukizimwaga zote, jua likaja, utapanda machozi. Unaweka nusu kwenye kopo pamoja na majivu, unangoja mvua irudi.

Ni busara kubwa. Nakumbuka nilijisikia vizuri kuwa miongoni mwa watu wenye busara hiyo.

Mvua ikarudi. Na mwezi ukatimia, tukaanza kupita mara ya pili.

*

Asubuhi ile Kijogoo hakuwika.

Niliamka mwenyewe, na huo ndio ulikuwa mshangao wa kwanza. Nikamkuta mapajani mwa mama yake, midomo imekauka, kichwa kimelala kama cha mwanasesere. Nilimwita. Alifungua macho, akayafunga. Mjukuu wangu, ambaye hajawahi kukubali kulala bila kesi.

Mama Kikombe akafika. "Kiko..." Akanyamaza. Alimshika paji la uso, akarudisha mkono upesi.

"Huyu hapati dawa yangu leo. Zahanati, sasa hivi."

"Shangazi, mpe tu," akasema mkwe wangu. "Si dawa ya malaria ndiyo hiyo?"

"Hii ni ya kuzuia, mwanangu. Akiwa na homa anapimwa kwanza. Kama ni malaria anapewa dawa ya kuponya, na hiyo si hii. Vaa viatu."

"Ukikataa, nitampa zile zangu."

"Zako zipi?"

Mkwe wangu aliingia jikoni akatoka na kopo la mbegu za maharage. Akatia mkono ndani, kwenye majivu na mbegu, akatoa karatasi ya vidonge. Viwili. Siku ya pili na siku ya tatu, vimetunzwa kama dhahabu.

Mama Kikombe akavihesabu, akavihesabu tena.  

"Mvua ilikatika," akasema mkwe wangu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikasema nisizimalize bure wakati hakuna mvua. Nimeweka nusu, ikirudi nimpe. Nilitaka kumwekea."

Alitaka kumwekea. Nani atamgombeza mtu kwa hilo?  Mama Kikombe akamchukua Kijogoo, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akaondoka. Alitembea mwendo ambao ndoo yangu haikuuweza. Nikaiacha njiani. Ndoo haina homa.

Daktari alimtoboa kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo. Tukangoja. Mama Kikombe hakumkagua mtu, hakuuliza chandarua. Alikuwa anatazama ukuta wenye picha ya mbu mkubwa, wakatazamana. Nilijua anamfikiria yule mtoto wake wa nne. Alikuwa na umri kama wa Kijogoo, na mvua ilikuwa kama hii, na miaka ile hapakuwa na dawa ya kupita milangoni.

"Ni malaria," akasema Daktari. "Mmewahi. Mngemkalisha nyumbani mkingoja, yangekuwa mengine." Akampa dawa ya kuponya, dozi ya kwanza Kijogoo akaimeza palepale, na Daktari akatuweka benchini mpaka jioni kumwangalia.

Mkwe wangu akauliza akilia, iwapo vidonge vile viwili ndivyo vilivyoleta yote.

"Sikudanganyi," akasema Daktari. "Dawa ya kuzuia haizuii kila homa, na mwisho wa mwezi nguvu yake hupungua. Pengine angeumwa hata hivyo. Lakini dozi nusu ni ukuta nusu. Na ile siku mvua ilipokatika, mama, si mbu waliokatika. Mvua kubwa hukokota mayai na viluwiluwi vyao. Ni jua likija, madimbwi yakatulia yakapata joto, ndipo wanapozaana kwa raha. Ulimwondoa mlinzi siku wezi wanapanga safari."

"Keshokutwa nimpe hii ya kuzuia?"

"Hapana. Aliyetibiwa malaria anaruka mzunguko huu. Atapata mzunguko ujao. Mpaka hapo, chandarua kila siku, na akipata joto mlete mbio."

Karibu mwezi mzima, basi, Kijogoo na chandarua, na mashimo ya matofali yamejaa. Nilimpigia mwanangu simu nikamwambia mtoto hajambo. Kwa simu watoto wote hawajambo.

Tulipokuwa tunaondoka, Daktari akamvuta Mama Kikombe pembeni. "Wengi wiki hii ni wa bondeni kwako. Miaka mingine sivyo. Kuna kilichobadilika?"

*

Kesho yake Mama Kikombe alinifuata. Macho yamevimba. Hakusema kwa nini, nami si mtu wa kuuliza.

"Shemeji, wote wameweka akiba. Nina hakika. Lakini nikiuliza kama walimeza, watasema walimeza. Hata mimi ningesema."

"Usiulize dawa," nikamwambia. "Uliza mbegu."

Tukapita. "Hodi," akasema Mama Kikombe, mpaka watu wakaogopa. "Mwaka huu mbegu zenu zikoje? Nionyeshe."

Hakuna mtu hapa asiyependa kuonyesha mbegu zake. Walileta makopo wakitabasamu. Mama Kikombe alitia mkono kwenye majivu kama mchawi, akatoa vidonge. Nyumba ya kwanza, hamna. Ya pili, viwili. Ya tatu, vinne, maana wana watoto wawili na busara maradufu. Bibi mmoja alileta kopo, akakumbuka, akalificha nyuma.

"Mbegu zangu hazionyeshwi," akasema.

"Bibi, zina homa?"

Mwishowe tulikaa kwa mama mmoja mwenye mapacha. Huko hatukupata kitu. Mapacha walikuwa wanapigana vizuri kabisa.

"Wewe ulimaliza dawa?" akauliza Mama Kikombe.

"Nilimaliza. Kwani nina raha? Nilijua nitaulizwa tu." Akanigeukia mimi, akainamisha kichwa. "Marehemu alikuwa hakosi, baba. Siku ya pili ya dawa, yuko mlangoni. Siku ya tatu, yuko. 'Mwanangu, niazime chumvi, imeniishia.' Anakaa. 'Mpe mtoto dawa kwanza, mimi nangoja.' Nampa anaona. Anachukua chumvi anaondoka. Mwaka huu ilipofika siku ya pili nikamsikilizia mlangoni. Nikakumbuka amefariki. Nikampa kila mmoja yake, kwa ajili ya marehemu."

Mama Kikombe alinitazama. Nilitazama ndoo.

Miaka minne mke wangu alipita nyumba hizi zote akiazima chumvi asiyoihitaji. Hakuniambia. Hakumwambia hata mwenzake, ambaye siku hizo mbili alikuwa kwenye cherehani akiamini watu wanamtii kwa sababu ya sauti yake. Nami nilikuwa nakula nyumbani, nikilalamika kwamba mboga haina chumvi.

"Yule mwanamke," akasema Mama Kikombe. "Kumbe alikuwa anafanya kazi nyuma yangu." Akajifuta uso kwa kanga kwa hasira. "Na hakuwahi kunishonesha hata nguo moja!"

*

Mzunguko wa tatu ulifika mvua ikiwa imeshika barabara. Kijogoo alikuwa amerudi kwenye kazi yake ya kuamsha watu. Siku ya kwanza alishikwa paji la uso, hana joto. Alimtemea Mama Kikombe dawa kifuani. Akapewa nyingine, akameza, akamtazama kama hakimu. Nilifurahi kuona hajasahau kisasi.

Siku ya pili Mama Kikombe alikwenda nyumba za juu kwa njia yake: "Kikombe! Nataka kuona anameza!" Inafaa kwa watu wa juu.

Mimi nikaenda bondeni. Watu wananijua kama mtu asiyemsalimia mtu. Nilisimama mlango wa kwanza mvua ikinipiga, nikiwa na kopo la chumvi mkononi. Mama wa nyumba akatoka.

"Kuna msiba, mzee?"

"Hapana. Nimekuja..." Neno la kuazima halikutoka. Nimerithi chumvi ya mtaa mzima, niazime ya nini? "Nimekuja kurudisha chumvi. Marehemu aliazima kwako."

Alilitazama kopo, akanitazama. Akaelewa, au hakuelewa. Akanisogezea kigoda.

"Mpe mtoto dawa kwanza," nikasema. "Mimi nangoja."

Akampa. Mtoto akameza. Nikampimia chumvi mkononi, nikaenda mlango wa pili.

Siku ya tatu nikamaliza na nyumba yangu. Mkwe wangu alikuwa ameshaandaa kikombe. Kijogoo akameza, akafungua mdomo kunionyesha kwamba hamna kitu, akadai sukari. Kopo la mbegu lilikuwa dirishani limefunuliwa, lina mbegu tu.

Umebaki mzunguko mmoja. Makopo mawili ya chumvi yamekwisha, na mfuko haujafunguliwa. Nimepiga hesabu yangu ya kichwani: itatosha mpaka mvua iishe, na mvua nyingine baada ya hiyo. Alipima vizuri.